Kukagua mzigo mlangoni: maelezo kwa mpishi wa zamu ya asubuhi

Kukagua mzigo ni kuamua, ukiwa bado mlangoni na kabla hujalipa, kipi kinaingia jikoni na kipi kinarudi na aliyekileta. Kikishaingia kwenye friji, hasara ni yetu.

Anza na samaki, maana ndiye anayeharibika upesi. Wengi wa samaki tunaopokea hapa Mbeya hutoka Ziwa Nyasa kupitia Kyela. Kule chini ni joto, huku juu ni baridi, hasa Juni na Julai. Tenga likipanda usiku kupitia Tukuyu, samaki hupoa kwa hewa ya njiani hata kama alishinda juani bila barafu. Kwa hiyo ubaridi unaousikia mkononi, na hata kipimajoto, vinakuonyesha hali yake ya sasa tu. Saa alizokaa kwenye joto zinaonekana mwilini.

Funua mashavu. Mekundu na yenye utelezi mwembamba ni dalili njema. Ya kahawia, yenye ute mzito na harufu kali, mkatae. Kisha bonyeza mgongo kwa kidole: nyama inatakiwa irudi juu, isibaki na shimo. Tazama na tumbo. Kwa samaki asiyepasuliwa, uozo huanzia sana kwenye matumbo, hivyo tumbo lililolegea au kupasuka lenyewe linatosha kumrudisha. Akija ameng'olewa mashavu, mtazame macho na umnuse ndani ya tumbo, kando ya uti wa mgongo.

Chukulia umeletewa tenga la perege kilo 10. Wa juu wanang'aa, macho yamejaa. Usiishie hapo, mimina wote kwenye beseni, kwa sababu wa chini ndio waliobanwa na kulowa maji ya barafu iliyoyeyuka. Ukikuta wa chini wamelegea matumbo, watenge, wapime mbele ya mchuuzi. Wakiwa kilo 3, andika daftarini kilo 7 na ulipe hizo 7. Usikubali kuwaosha kwa ndimu ili "wakae sawa". Ndimu inaondoa harufu, uozo unabaki.

Nyama ina hesabu nyingine. Ya ng'ombe aliyechinjwa alfajiri inaweza kufika bado vuguvugu, na hilo peke yake si kosa. Tafuta mhuri wa mkaguzi wa nyama, uliza imetoka machinjio gani na saa ngapi, halafu nusa karibu na mfupa wa paja, kwani ndani kule hupoa mwisho na huweza kuoza wakati juu pazuri. Ikiwa inanata vidoleni au ina rangi ya kijani, irudi. Nzuri ikatwe vipande vidogo ipoe haraka kwenye friji.

Mboga huhitaji muda mfupi. Ingiza mkono katikati ya fungu la chainizi: pakiwa na joto na ute, limeanza kuoza hata kama majani ya nje yamenyunyiziwa maji. Viazi vyenye ngozi ya kijani vitoe, ni vichungu na vina sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi.