Moto wa njano kwenye jiko la gesi: tafuta hewa kabla ya kulaumu mtungi

"Mwanangu, gesi ya siku hizi yachanganywa na maji." Hayo ndiyo maneno aliyonipokea nayo mama mmoja wa Kisauni anayepika mahamri na mbaazi za kuuza asubuhi. Sufuria zake zilikuwa nyeusi tititi kwa masizi, na mahamri yaliungua upande mmoja huku upande wa pili yakibaki meupe.

Niliwasha bana zote mbili za jiko lake la mezani. Ya kushoto ilitoa moto wa buluu, mfupi, uliosimama. Ya kulia ilitoa ndimi za njano, ndefu, zinazoyumbayumba, tena upande mmoja zimepanda na upande mwingine zinakaribia kuzima. Hapo nilijua mtungi hauna hatia. Bana zote mbili zinakula mtungi mmoja na regyuleta moja, kwa hiyo kama gesi ingekuwa na kasoro, zote zingeumwa pamoja.

Gesi ya mtungi ni propani na butani, na hizi zinahitaji hewa nyingi kuliko watu wanavyodhani. Ujazo mmoja wa propani unataka hewa mara 24 hivi ili uungue wote, na butani mara 31. Sehemu ya hewa hiyo huingia kabla ya moto kuwaka. Gesi hutoka kwa kasi kwenye nozeli, kile kipande cha shaba chenye tundu lisilofika milimita moja, na kasi hiyo huvuta hewa kupitia uwazi ulio kando yake. Viwili hivyo huchanganyika ndani ya bomba fupi, kisha hutokea kwenye matundu ya bana. Hewa ya kwanza ikipungua, chembe za kaboni hubaki bila kuungua, zikapata moto na kung'aa njano. Zikigusa sufuria, ndiyo masizi.

Sasa matundu yakiziba, nozeli haijui. Inaendelea kumimina gesi ileile, lakini mchanganyiko hauna pa kutokea, basi bomba linashindwa kuvuta hewa. Matundu machache yaliyobaki hutoa ndimi ndefu, yaliyoziba hayatoi kitu. Kuziba kukizidi, gesi hurudi nyuma na kutoka kwenye uwazi wa hewa, na unaweza kuona moto ukiwaka chini ya jiko. Ukifika hapo, funga mtungi mara moja.

Nilifunga regyuleta, nikangoja bana ipoe, nikainua kifuniko chake. Tui la mbaazi lilikuwa limefurika na kuungua hadi likawa kama lami, limeziba karibu nusu ya matundu. Katika mawili nilikuta vijiti vya meno vilivyokatikia humo, kwa hiyo nasihi utumie waya mwembamba. Nililoweka bana kwenye maji moto na sabuni, nikasugua kwa brashi, nikapitisha waya tundu baada ya tundu, kisha nikaiangalia kwa kuielekeza kwenye mwanga. Nikaianika juani hadi ikauka kabisa, maana tone la maji lililobaki ndani huziba tundu vilevile.

Nikawasha. Moto ulikuwa sawa pande zote, lakini bado wa njano.

Basi matundu hayakuwa tatizo pekee. Nikamuuliza kama jiko liliwahi kukaa bila kutumika, akasema alikwenda Lamu mwezi mzima. Nikachomoa bomba la kuchanganyia nikalimulika: utando wa buibui mdomoni kabisa, pale hewa inapoingilia. Brashi ya chupa iliutoa kwa mkupuo mmoja. Nozeli niliiangalia tu, ilikuwa safi. Tafadhali usiichokoe kwa sindano: shaba ni laini, tundu likipanuka hata kidogo gesi inazidi hewa daima, na dawa yake ni kununua nozeli nyingine.

Mwisho nikarekebisha kidirisha cha hewa. Nilikifungua hadi moto ukaanza kuvuma na kuruka juu ya matundu, ishara kwamba hewa imezidi, kisha nikakirudisha kidogokidogo hadi ukatulia wa buluu. Nikapaka povu la sabuni kwenye maungio yote. Hakikutokea kiputo chochote, yaani gesi haivuji.

Wakati tunangoja mafuta yapate moto, nilimwambia pia afungue dirisha la jikoni. Moto unaokosa hewa hutoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, na kichwa kilichokuwa kikimuuma kila alfajiri huenda kilitokana nayo.

Akaniita tena: "Mbona kuna vicheche vya rangi ya chungwa?" Hivyo ni chumvi. Sisi tuko pwani, na sodiamu kidogo tu, iwe ya upepo wa bahari au ya maji ya mbaazi yaliyomwagika, hupaka moto rangi hiyo. Vinamulika na kupotea, umbo la moto halibadiliki, na sufuria haishiki masizi. Hivyo nilimwambia aviache.