Diski iliyochomoza kiunoni: mguu husema ni neva ipi iliyobanwa

Wagonjwa wengi wa mgongo huingia kliniki na bahasha ya picha za MRI kwapani, na hata kabla ya kuketi wameshauliza: "Daktari, diski yangu imetoka, nitapasuliwa?" Bahasha naiweka kando kwanza. Nataka kuuona mguu.

Chukua mfano wa dereva wa miaka 42. Wiki tano zilizopita aliinua mzigo akiwa amepinda kiuno, na tangu siku ile maumivu yanaanzia kwenye tako la kushoto, yanashuka kwa ubavu wa paja, yanapita upande wa nje wa muundi hadi juu ya wayo na kuishia kwenye kidole gumba. Kiuno kinamuuma kidogo tu. Kinachomnyima usingizi ni mguu. Ripoti ya picha inasema diski ya L4/L5, yaani iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno, imechomoza kushoto. Mtu mmoja amemweleza kwamba neva iliyobanwa ni ya L4, kwa kuwa ndiyo inayotajwa kwanza kwenye jina la diski. Hapo ndipo watu wengi hujikwaa.

Diski ni mto ulio kati ya pingili mbili: nje ni pete ngumu ya nyuzi, ndani ni kiini laini kinachovutika kama ute mzito. Watu husema "diski imeteleza", lakini diski haitelezi. Pete huchanika, kiini kikajipenyeza nje. Kwa nyuma, katikati, kuna kano ndefu inayokizuia, kwa hiyo mara nyingi hutokea pembeni kidogo, kushoto au kulia. Sasa tazama njia ya neva. Neva ya L4 hutoka nje chini ya pingili ya nne, na inapofika usawa wa diski ya L4/L5 imeshapita juu yake na kwenda zake. Iliyobaki ndani ya mfereji, ikishuka nyuma ya diski hiyo, ni ya L5. Ndiyo inayogongwa. Vivyo hivyo diski ya L5/S1, iliyo kati ya pingili ya tano na mfupa ulio chini ya kiuno, kwa kawaida huibana neva ya S1. Ila kiini kikichomozea mbali kabisa pembeni, kwenye tundu la kutokea, hapo kitaikuta neva ya L4 yenyewe. Diski ile ile, neva tofauti, na mguu utaumwa kwingine.

Basi tumwombe dereva wetu avue viatu. Anatembea kwa ncha za vidole bila shida: misuli ya shavu la mguu ni mizima, na hiyo hutegemea zaidi S1. Anapojaribu kutembea kwa visigino, wayo wa kushoto unaanguka na kupiga sakafu. Nikimlaza na kumwambia ainue kidole gumba dhidi ya kidole changu, cha kulia sikiwezi, cha kushoto nakishusha kwa nguvu ndogo. Tunapima nguvu kwa alama 0 hadi 5, na 5 ndiyo nguvu kamili. Yeye namwandikia 4. Nikipapasa kwa pamba kati ya kidole gumba na cha pili, anasema anahisi kama amevaa soksi. Nyundo ya mpira chini ya goti inaurusha mguu pande zote mbili sawasawa, jambo linaloonyesha L4 haijaguswa sana. Kwenye kano ya kisigino pia ni sawa, kwa hiyo S1 imesalimika. L5 haina eneo la kuaminika la kugonga kwa nyundo, ndiyo maana wasiopima kidole gumba huikosa.

Halafu nauinua mguu wa kushoto ukiwa umenyooka. Kwenye nyuzi 35 hivi anapiga kelele. Namuuliza panauma wapi, kwa sababu jibu ndilo kipimo chenyewe. Mvuto wa nyuma ya paja peke yake hauhesabiki. Misuli iliyokakamaa hufanya hivyo hata kwa mtu mwenye afya. Yeye anaonyesha muundi na wayo. Naushusha mguu kidogo hadi maumivu yatulie, kisha nausukuma wayo kuelekea kwake, nayo yanarudi pale pale. Baadaye nauinua mguu wa kulia, ule usiouma, naye anashika wa kushoto. Dalili hii ya mwisho haionekani kwa wengi, lakini ikionekana nina uhakika mkubwa kwamba diski imechomoza.

Kuna mtego mmoja ninaomwonya kila daktari kijana. Wayo unaoanguka unaweza kusababishwa na neva iliyobanwa chini ya goti, pale kwenye kichwa cha mfupa mwembamba wa nje, na upasuaji wa mgongo hautasaidia kitu. Basi namwambia augeuze wayo kwa ndani, kisha alale ubavu na kuinua paja. Misuli hiyo miwili hulishwa na L5 bila kupitia ile neva ya goti. Kwa dereva wetu yote miwili ni dhaifu. Tatizo liko mgongoni.

Sasa nafungua bahasha. Picha peke yake haitoshi, kwani watu wengi wasio na maumivu yoyote hukutwa na diski zilizochomoza. Ninachotafuta ni mapatano: upande, usawa na neva vilingane na nilichokuta mguuni. Kwake vinalingana.

Je, apasuliwe? Angekuwa na maumivu tu, au udhaifu mdogo usioongezeka, ningemtibu kwa dawa, mazoezi na kuendelea kutembea, kwa kuwa wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12. Mara nyingi mwili wenyewe humeza kile kipande. Wiki 6 au zaidi zikipita na maumivu ya mguu bado hayavumiliki, upasuaji unakuwa chaguo halali: huleta nafuu mapema, ingawa baada ya mwaka mmoja tofauti na waliosubiri hupungua sana. Lakini dereva anarudi baada ya siku sita, na kidole gumba kimeshuka kutoka 4 hadi 2. Udhaifu unaoongezeka hausubiri kalenda. Anapangiwa upasuaji.

Kuna hali moja isiyongoja hata usiku upite: ganzi kwenye sehemu zinazogusa tandiko la baiskeli, kushindwa kukojoa au kutohisi kibofu kimejaa, kinyesi kutoka bila kujijua, au maumivu kuingia miguu yote miwili. Hapo fungu zima la neva za chini limebanwa. Nenda hospitali saa hiyo hiyo. Kibofu kilichochelewa huenda kisirudi.

Katika chumba cha upasuaji, tunapiga eksirei kabla ya kukata ili kuhesabu pingili, maana wapo watu wenye pingili sita za kiuno, na kosa la usawa hutokea hapo. Mkato ni kama sentimita tatu. Tunafungua dirisha dogo la mfupa na kano, tunaisogeza neva taratibu, na kutoa kile kipande kilichochomoza tu. Diski iliyobaki inaachwa. Katika wagonjwa 100, 5 hadi 10 hivi hurudiwa na tatizo pale pale.

Akiamka, maumivu ya mguu mara nyingi yamekwisha. Nguvu hurudi polepole, kwa wiki na miezi, na si lazima zirudi zote. Ganzi ndiyo ya mwisho kuondoka, na ile soksi kati ya vidole viwili huenda akabaki nayo. Maumivu ya kiuno chenyewe upasuaji huu hauyalengi, na hilo namwambia kabla hajatia sahihi.