Acheni kupunguza bei ya kaunta buku wiki ya kufungua shule

Kila ikikaribia Desemba naletewa kalenda ileile. Mwenye steshenari anataka nimkagulie mpango wa ofa wa mwaka mzima, na ndani yake kuna mambo matatu tu: punguzo la asilimia kumi Januari shule zikifunguliwa, asilimia kumi Julai, na asilimia kumi "msimu wa mitihani". Ya wiki hii imekuja imeshachapwa bango, la rangi. Sasa naandika mara moja, atakayefuata nitamtumia hapa asome.

Tuanze na hesabu. Chukua kaunta buku ya kwaya 3. Tuseme imekufikia dukani kwa 2,500, nauli ya kutoka Kariakoo ikiwemo, nawe unaiuza 3,200. Faida ghafi ni 700. Ukikata asilimia kumi unauza 2,880, faida inabaki 380. Kama ungeuza 200 bila ofa ungepata 140,000. Ili upate 140,000 hiyohiyo kwenye ofa, inabidi uuze 369. Umekata bei kwa asilimia kumi, lakini faida imekatika karibu nusu, na mzigo unaotakiwa kuuzwa umekaribia kuwa mara mbili.

"Lakini wateja wataongezeka." Watoke wapi? Mzazi wa mtoto wa Kidato cha Kwanza anakuja na fomu ya kujiunga, mara nyingi ikiwa picha kwenye simu. Imeandikwa kaunta buku kadhaa, rimu moja, mkebe, wakati mwingine na fagio na jembe. Ukimpunguzia bei hanunui kaunta buku za ziada, ananunua zilizoandikwa. Unachoweza kupata ni wateja wa jirani yako, na jirani naye keshokutwa atatundika bango lake. Kisha kuna foleni. Jumamosi ya mwisho kabla ya kufungua shule, duka la wauzaji wawili limeshajaa mpaka barazani. Mteja anaondoka kwa sababu amechoka kusimama, au kwa sababu kwaya 4 zimeisha. Punguzo haliponyi hata kimoja kati ya hivyo, linarefusha foleni tu.

Wiki hiyo kazi ya duka ni kuwa na mzigo kamili na mikono ya kutosha. Ajiri kijana wa kufunga vifurushi, bandika bei ukutani zisomeke kutoka nje, weka meza ya wenye orodha pembeni na ya wenye kalamu moja pembeni. Bei iache ilivyo.

Ofa inakaa wapi basi? Inakaa pale pesa ya mzazi ilipo, na hapa ndipo wengi wanaangalia kalenda ya shule wakasahau ya mfukoni. Shule hufunguliwa wiki ya pili ya Januari: mwaka 2024 ilikuwa tarehe 8, mwaka 2025 tarehe 13. Mshahara wa Desemba umekwenda na Krismasi na nauli za kijijini, wa Januari bado. Pesa yenye ukubwa ilikuwepo kabla: vikoba vingi hugawana Desemba, na uchaguzi wa Kidato cha Kwanza nao kwa kawaida hutangazwa mwezi huohuo. Kwa hiyo ofa yangu kubwa ya mwaka inaanza mwanzoni mwa Desemba na inafungwa kabla ya Krismasi, na wala si ya kukata bei ya daftari. Ni kifurushi: ukilipia orodha nzima sasa, makava na lebo za majina ni bure, na vitu nakufungia nakutunzia hadi Januari. Makava yananigharimu kidogo kuliko ile 320 ya punguzo kwa kila kaunta buku, na pesa ya mzazi ndiyo inayonunua mzigo wangu wa pili.

Tahadhari moja kwenye vifurushi. Usifunge kwa kukisia. Shule moja inataka kwaya 3, ya jirani inataka kwaya 4 na daftari la grafu. Nenda ukaombe nakala za fomu za shule ambazo watoto wa mtaa wako wanapangiwa, kisha funga kwa jina la shule. Kifurushi cha "Kidato cha Kwanza" kisicho na shule kitarudishwa kaunta kubadilishwa siku ambayo huna nafasi hata ya kupumua.

Ofa ya pili inakaa mwisho wa Januari, mishahara ikishatoka. Huyu ndiye mteja ambaye mabango hayamwoni. Wiki ya kufungua alinunua nusu ya orodha, mtoto akaenda na madaftari bila mkebe wala kikokotoo. Muuzaji akimpa risiti, amwandikie nyuma vitu vilivyobaki na tarehe ya mwisho ya kupata punguzo akirudi nayo. Hapo punguzo lina kazi, kwa sababu pesa hiyo bado haijaamua iende duka gani. Nikiri kitu: sina namna safi ya kujua wangapi wangerudi hata bila risiti. Nahesabu risiti zinazorudi, ila risiti iliyorudi haikuambii mwenyewe angekwenda wapi. Naendelea nayo kwa sababu hasara yake ni ndogo.

Julai naipita haraka. Ni madaftari ya kujazia, na Kidato cha Tano wanaoanza. Weka kwaya 4 na vikokotoo mbele, basi.

Sasa hili la "msimu wa mitihani", ambalo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Msimu upi? Kidato cha Sita wanafanya mtihani wa taifa Mei, Darasa la Saba Septemba, Kidato cha Pili na cha Nne kuelekea Novemba. Na mtahiniwa hanunui daftari! Ameshamaliza kuandika notsi, daftari zake zina kurasa tupu nyuma. Bango la "ofa ya mitihani, madaftari bei poa" la Novemba ni kumuuzia mtu mwavuli mvua imeshakatika. Darasa la Saba wanasiliba majibu kwa penseli ya HB, kwa hiyo penseli mbili, kifutio, kichongeo na rula kwenye mfuko mmoja vinauzika, lakini faida yake ni ya nauli.

Fedha iko kwenye karatasi, na mnunuzi wake ni mwalimu wa taaluma. Shule yenye wanafunzi 240, masomo tisa, karatasi mbili kwa kila mtihani, inahitaji karatasi 4,320, yaani rimu tisa, kabla ya zile zinazoharibika kwenye mashine ya kudurufu. Hiyo ni mitihani ya muhula mmoja. Kuna ya katikati ya muhula na moko pia. Mfuate wiki tatu kabla, maana wiki ya mtihani ameshanunua. Mpe bei ya jumla kuanzia rimu kumi na umpelekee hadi shuleni. Akitaka kwa mkopo, ule unafuu wa bei ya jumla unaondoka, na mwambie hivyo kabla rimu hazijapanda bodaboda.