Tresi si ufuatiliaji, na "haizidi 2" si "ni 2"

Kuna tasnifu zinazoliita jaribio la tresi la Johansen, linalohesabu mahusiano ya muda mrefu kati ya mifululizo ya data, "jaribio la ufuatiliaji la Johansen". Hakuna kinachofuatiliwa hapo. Kosa hilo la jina lina ndugu yake kwenye kusoma majibu, na huyo ndugu ndiye mwenye madhara zaidi.

Maana kwanza, kwa haraka. Mifululizo ya data inaweza kutangatanga kila mmoja kivyake, lakini ukiijumlisha kwa uzani fulani ukapata kitu kisichotangatanga, kinachorudi kwenye wastani wake kila kikisukumwa. Mchanganyiko huo ndio uhusiano wa kointegresheni. Mifululizo ikiwa n, mahusiano huru ya aina hiyo yanaweza kuwa 0 hadi n−1. Jaribio la tresi, alilolitoa Søren Johansen mwaka 1988, linatusaidia kujua ni mangapi.

Tresi ni neno la matriksi: jumla ya namba zilizo kwenye ulalo mkuu, kutoka kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia. Wajerumani waliiita jumla hiyo kwa neno lao lenye maana ya nyayo, Kiingereza kikachukua neno la maana hiyohiyo, trace, na mtafsiri wetu wa "ufuatiliaji" akafuata nyayo akaacha hesabu. Jumla hiyo ina sifa moja muhimu: ni sawa na jumla ya thamani eigeni za matriksi. Johansen anapata thamani eigeni n, zinazoandikwa λ, kila moja kati ya 0 na 1, zinazopima jinsi mchanganyiko mmoja wa viwango vya jana unavyohusiana na mabadiliko ya leo. Kisha anajumlisha zile zilizobaki baada ya kuziweka kando r kubwa zaidi, T ikiwa idadi ya vipindi vya data:

```
trace(r) = -T * [ln(1-λ(r+1)) + ... + ln(1-λ(n))]
```

Kwa λ ndogo, −ln(1−λ) inakaribiana na λ yenyewe, kwa hiyo hii ni takriban T mara jumla ya zilizobaki. Swali lake ni hili: ukishakubali mahusiano r, je, yaliyobaki yote kwa pamoja ni sifuri?

Tuseme mifululizo ni 3, T ni 100, na thamani eigeni ni 0.25, 0.09 na 0.02. Kila moja inachangia 28.77, 9.43 na 2.02. Kwa modeli yenye konstanti isiyobanwa, safu ya kwanza ya namba ni trace(r) na ya pili ni kizingiti chake cha asilimia 5:

```
r = 0     40.22    29.80
r <= 1    11.45    15.49
r <= 2     2.02     3.84
```

Hapa ndipo watu wanapoteleza. Mtu anaona 2.02 iko chini ya 3.84, anaandika: "mahusiano ni 2". Lakini mstari huo unasema hayazidi 2, na kauli hiyo ni kweli hata yakiwa 1 au 0. Haujathibitisha chochote juu ya 2. Unaanza na r = 0: 40.22 inazidi 29.80, sifuri inakataliwa. Unashuka kwenye r <= 1: 11.45 haifiki 15.49, haikataliwi. Unasimama hapo hapo. Jibu ni 1, na mstari wa tatu hauna kazi tena.

Kosa hili lina kisingizio kidogo. `ca.jo` ya kifurushi cha urca kwenye R inachapa jedwali kichwa chini, r <= 2 juu na r = 0 mwisho, hivyo anayesoma kutoka juu anaanzia mwisho wa safari. Isitoshe, usipoandika `type = "trace"` inakupa jaribio la thamani eigeni kubwa zaidi, ambalo linauliza r dhidi ya r+1 tu. Vizingiti navyo vinabadilika: konstanti ikibanwa ndani ya uhusiano, 29.80 inakuwa 35.19, na thamani eigeni zenyewe zinahesabiwa upya.

Na je, mistari yote mitatu ikikataliwa? Hapo wengine hushangilia kointegresheni "kamili". Kumbe r ikifika n, inamaanisha mifululizo yote ilikuwa tulivu, yaani haikutangatanga, tangu mwanzo, au konstanti na mwelekeo vimewekwa vibaya. Hata mfululizo mmoja tu ukiwa tulivu, wenyewe pekee unahesabiwa kama uhusiano mmoja, ingawa haujashikamana na mwingine wowote.

Kwa hiyo badala ya "jaribio la ufuatiliaji limethibitisha mahusiano 2", kwa jedwali lile andika: "jaribio la tresi limekataa 0 kwa asilimia 5, halikukataa 'hayazidi 1', hivyo tumechukua 1."