Faida ya kiwanja kwa mwaka huhesabiwaje?

Dodoma ukikaa na watu wawili wanaozungumza ardhi, hutakosa kusikia kauli ya aina hii: "Nilinunua kwa milioni 8, nimeuza 20, nimepata milioni 12." Kauli hiyo haisemi pesa ilikaa muda gani wala ni kiasi gani kilichobaki mkononi baada ya kila mtu kuchukua chake. Kiwango cha faida kwa mwaka kinajibu yote mawili. Ni asilimia moja inayokuambia kwamba, ukiondoa gharama zote, pesa yako ilikuwa ikikua kwa kasi gani kila mwaka, huku faida ya mwaka uliopita nayo ikizaa.

Tuchukue mfano wa kutunga wa kiwanja kilichopimwa cha mita za mraba 600 huko Nala, Dodoma. Kimenunuliwa Juni 2017, mwezi mmoja baada ya CDA, mamlaka iliyokuwa ikisimamia ardhi ya mji wa Dodoma, kuvunjwa, kwa shilingi milioni 8. Kimeuzwa Juni 2025 kwa milioni 20. Miaka 8 kamili.

Hesabu ya kijiweni inakwenda hivi: milioni 12 juu ya milioni 8 ni asilimia 150, gawa kwa 8, unapata karibu asilimia 19 kwa mwaka. Hapa kuna kosa hata kabla ya kugusa gharama. Kama pesa ingekua kwa asilimia 19 kila mwaka, milioni 8 ingefika zaidi ya milioni 32 ndani ya miaka 8, kwa sababu mwaka wa pili ungekua juu ya mwaka wa kwanza. Kasi inayoitoa milioni 8 na kuifikisha 20 ni asilimia 12 na ushei. Tayari theluthi ya majigambo imeondoka.

Sasa gharama. Siku ya kununua hukulipa milioni 8 peke yake. Tuseme dalali alichukua laki 4, wakili aliyeandaa mkataba na nyaraka za uhamisho 240,000, ushuru wa stempu wa asilimia 1 ni 80,000, na ada za uhamisho na hati zikafika 180,000. Jumla uliyotoa mfukoni ni 8,900,000, na hiyo ndiyo namba ya kuanzia. Kama kuna pesa uliyotoa mtaani bila risiti, iweke pia. Afisa wa kodi hataitambua, lakini mfuko wako unaitambua.

Siku ya kuuza, milioni 20 nayo haikuja nzima. Dalali wa safari hii anachukua milioni 1 na wakili laki 3. Inabaki kodi ya faida ya mtaji, ambayo kwa mtu binafsi mkazi wa Tanzania ni asilimia 10 ya faida. Faida hiyo ni bei ya kuuza, ukitoa gharama za kuuza na gharama za kununua zenye vielelezo: milioni 20 kutoa 1,300,000 kutoa 8,900,000, inabaki 9,800,000. Kodi ni 980,000. Ulichoondoka nacho ni 17,720,000.

Nisimame kidogo kwenye kodi, maana hapa watu wanajikata wenyewe. Kuna mtindo wa kuandika bei ndogo kwenye mkataba wakati wa kununua ili kupunguza ushuru wa stempu. Mnunuzi wetu angeandikisha milioni 5 badala ya 8, angeokoa asilimia 1 ya milioni 3, yaani 30,000. Miaka 8 baadaye, karatasi zake zinasema alinunua kwa milioni 5, faida yake kwenye karatasi inaongezeka kwa milioni 3, na kodi inaongezeka kwa laki 3. Mbali na kwamba ni udanganyifu, ameokoa elfu 30 ili alipe laki 3. Mkataba wenye bei ya kweli na risiti ya wakili ni sehemu ya faida yako, vitunze pamoja na hati.

Kanuni yenyewe ni fupi. Gawa ulichoondoka nacho kwa ulichotoa, kisha tafuta kasi ya mwaka mmoja ambayo ikirudiwa mara 8 inaleta jibu hilo. Kwenye programu ya jedwali, iwe ya simu au kompyuta, unaandika:

```
=(17720000/8900000)^(1/8)-1
```

Jibu ni asilimia 9.0.

Bado kuna gharama za katikati, na hizi ndizo zinazosahaulika kuliko zote. Kodi ya pango la ardhi ni ya kila mwaka. Halafu kuna kiwanja chenyewe: mvua za Dodoma zikiisha Aprili, miiba imefunika bikoni zinazoonyesha mpaka, pengine jirani amepanda uwele hadi katikati ya mpaka. Unamlipa kijana afyeke, mara moja moja unamwita mpima arudishe bikoni iliyong'olewa. Tuseme vyote kwa wastani ni laki 1 kwa mwaka. Usizijumlishe tu na bei ya kununua, kwa kuwa laki ya mwaka wa saba haikulala miaka 8 kama ile ya mwanzo. Jedwali lina amri inayolitambua hilo:

```
=RATE(8,-100000,-8900000,17720000)
```

Namba hizo ni miaka, malipo ya kila mwaka, ulichotoa mwanzo na ulichopata mwisho. Pesa inayotoka unaiwekea alama ya kutoa. Jibu linashuka hadi asilimia 8.1.

Kwa hiyo ile asilimia 19 ya kijiweni ni 8. Sio hasara. Mfumuko wa bei nchini kwa miaka hiyo ulikuwa ukicheza kati ya asilimia 3 na 5 hivi, kwa hiyo thamani ya kweli ilikua kwa takribani asilimia 4 kwa mwaka. Lakini hatifungani za serikali za miaka 20 zimekuwa zikilipa riba ya zaidi ya asilimia 12 kwa mwaka, bila kufyeka wala kulinda bikoni. Mimi ningemuuliza muuzaji wa kiwanja hiki kwa nini alichagua Nala, na jibu "ardhi haishuki bei" lisingenitosha.

Namba hii ina mipaka yake. Ni wastani, haisemi bei ilipanda lini. Serikali ilipotangaza Julai 2016 kwamba inahamia Dodoma, aliyekwisha kununua na aliyenunua baada ya tangazo hawakuingia kwa bei moja, hata kama viwanja vyao vinapakana. Kwa hiyo asilimia aliyopata mwenzako hutaipata kwa kununua jirani naye leo.

Mwisho wa kuhesabu ni siku pesa ilipoingia, na siku ya kubandika tangazo la "kiwanja kinauzwa" haihesabiwi. Kiwanja chetu kikikaa sokoni mwaka mmoja na nusu kabla ya kupata mnunuzi wa bei ileile, miaka inakuwa 9.5, na ile asilimia 9.0 inashuka hadi 7.5, kabla hujatoa gharama za kila mwaka.