Soga za kupima mitambo: kinachofanyika kabla kikao cha video hakijaanza

Kikao cha video karibu kila mara huanza na dakika mbili tatu za maneno yanayoonekana hayana kazi. Mnanisikia? Shikamoo mjomba. Huko mvua zimeshaanza? Mbona gizagiza hapo, umeme umekatika? Kisha mtu anasema "haya, tuanze", na ndipo ajenda inapoingia. Hizo dakika za mwanzo ndizo soga za kupima mitambo: mazungumzo mepesi yanayofanya kazi mbili kwa wakati mmoja, kujuliana hali na kujua kama sauti na picha zinafika.

Mwanaisimu Roman Jakobson, katika maandishi yake ya mwaka 1960 kuhusu kazi za lugha, aliitenga kazi moja ambayo haipeleki habari yoyote ila huhakikisha njia ya mawasiliano iko wazi. Mfano wake ulikuwa mtu wa kwenye simu anayeuliza kama anasikika. Kwenye video kazi hiyo imekua, kwa sababu vitu vinavyoweza kugoma ni vingi zaidi.

Chukua kikao cha kamati ya harusi. Mwenyekiti ni mjomba aliyeko Tanga, katibu ni mpwa wake wa kike aliyeko Dodoma, na kaka wa bibi harusi yuko Toronto. Wamekubaliana saa 2 usiku, ambayo kwa kaka huko, majira ya kiangazi, ni saa 7 mchana. Wanatumia Zoom ya bure, inayokata kikao baada ya dakika 40, kwa hiyo soga hizi zina gharama na inafaa zifanye kazi yake sawasawa.

Katibu anaanza: "Shikamoo mjomba." Hiki ni kipimo kizuri kuliko "mnanisikia?", ambalo asiyesikia hawezi kulijibu, na anayesikia hujibu "eee" basi. Shikamoo inadai marahaba. Ikija papo hapo, sauti ya katibu imefika na ya mjomba imerudi. Isipokuja huku midomo ya mjomba inacheza, basi huenda anasikia vizuri, ila maiki yake imezimwa. Midomo isipocheza na uso umetulia, ama hasikii, ama picha imeganda. Mpungie mkono: akikupungia, picha haijaganda, ila hasikii.

Baada ya hapo unafuata ule mfululizo wetu: habari za nyumbani, nzuri, watoto, hawajambo, kazi, tunashukuru. Hapa ndipo ucheleweshaji unapojianika. Shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ITU, katika pendekezo lake namba G.114, linasema sauti ikichelewa hadi milisekunde 150 kwa upande mmoja watu wengi hawasumbuki. Ikizidi sana hapo, "nzuri" ya mjomba inamfikia kaka wakati yeye ameshauliza kuhusu watoto, na kila mmoja anamkata mwenzake bila kukusudia. Salamu zetu ni za kupokezana haraka, maneno mafupi mafupi, kwa hiyo zinaonyesha tatizo hili mapema kuliko hotuba. Mkiligundua, dawa si kupaza sauti. Kila mtu aseme yote aliyonayo kisha anyamaze, na mwenyekiti awe anataja jina la anayefuata.

Neno moja halitoshi kupima sauti. "Poa" inaweza kupita salama kwenye mtandao unaokatakata. Ndiyo maana swali la mvua, au la foleni, au la bei ya vitunguu, lina faida: linamfanya mtu azungumze sentensi tatu nne, na hapo utasikia kama maneno yanamezwa katikati, kama kuna feni inayovuma karibu na maiki, au kama anaongea akiwa mbali na simu. Na wakati anaongea, mitambo yenyewe inajirekebisha. Programu nyingi huanza na picha hafifu, zikipima uwezo wa mtandao kidogo kidogo kabla ya kuipandisha ubora. Kile kinachozuia mwangwi nacho huhitaji kusikia sauti ikitoka kwenye spika ili kijifunze chumba kilivyo. Anayefungua kikao kwa kusoma bajeti ya ukumbi sekunde ya kwanza anaisoma katika hali mbaya kuliko itakavyokuwa muda mfupi baadaye.

Mwangwi ndio unaochanganya watu kuliko yote. Katibu akiongea anajisikia mwenyewe akirudi. Kwa kawaida mtu hapo huanza kuchokonoa simu yake, kumbe simu yake haina kosa. Anayejisikia ndiye anayeumia. Chanzo kiko upande wa pili, mahali sauti yake inapotoka kwenye spika na kuingia tena kwenye maiki. Njia ya kumpata ni kuwaomba wengine wazime maiki mmoja mmoja huku katibu akiendelea kuongea. Kaka anazima, mwangwi upo. Mjomba anazima, mwangwi umepungua. Ni kwa mjomba.

Na sababu ikaonekana: simu yake iko laudi spika mezani, na binti yake ameingia kikaoni kwa laptopu katika sebule ileile. Vifaa viwili chumba kimoja vinarushiana sauti, na programu haijui kuwa sauti iliyotoka kwenye kifaa kingine ni ya kikao hichohicho. Kupunguza sauti ya simu kunasaidia nusu tu. Kifaa kimoja kizimwe vyote viwili, maiki na spika, au binti aende chumba kingine avae eafoni.

Picha haihitaji maneno mengi. Kaka ameketi na dirisha nyuma yake. Kamera inajipanga kwa mwanga wa dirisha, uso wake unabaki kivuli. Ageuke, dirisha liwe mbele yake. Mjomba yeye anaonyesha feni ya darini, jambo ambalo kwa wazee ni kama desturi. Hapa adabu inahitajika: "Mjomba, tunatamani kukuona wewe" inamfikia vizuri kuliko kuambiwa kamera imekaa vibaya mbele ya wakwe.

Soga hizi zina mipaka. Kukiwa na msiba huulizi mvua. Unatoa pole kwanza, na kipimo cha sauti kinatoka humohumo kwenye pole na majibu yake. Pia usidokeze jambo la maana katika dakika hizi, kama vile mchango wa mtu kupungua, kwa sababu nusu ya watu hawajakusikia na nusu nyingine watalijadili kabla ya wakati.

Mwisho wake hutangazwa na mwenye kikao, si kusubiriwa ujifie wenyewe. Mjomba anakohoa, anasema "haya, naona tumetimia", anataja ajenda ya kwanza. Shangazi akiingia dakika ya 12, anapewa salamu moja ya mwenyekiti kwa niaba ya wote, naye akiitika sauti yake imeshapimwa. Asipoitika, katibu anamwandikia pembeni kwenye gumzo abonyeze alama ya maiki chini ya skrini, na kikao kinaendelea na ajenda ya mpishi.