Maharage Njombe hayaivi kwa kuongeza kuni

Sufuria ya maji ikitokota Dar es Salaam, maji yale yana nyuzi joto 100 hivi. Itokotapo Njombe mjini, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji yana nyuzi 93 tu. Mapovu ni yaleyale, mvuke ni uleule, kwa macho huoni tofauti. Ndiyo maana mpishi aliyetoka pwani hudhani maharage ya dukani ni mabovu, kisha anaongeza kuni.

Kuni hazisaidii. Maji yakishaanza kuchemka, moto unaouongeza hauyapandishi joto. Unayageuza mvuke upesi zaidi, basi. Kinachoamua joto la kuchemka ni uzito wa hewa inayokandamiza maji. Kila ukipanda mita 300, hewa inapungua na kiwango cha kuchemka kinashuka kwa karibu nyuzi 1. Sufuria inayoruka mfuniko na ile inayotokota taratibu zina joto moja ndani. Tofauti ni kwamba ya kwanza inakumalizia kuni na maji, na maharage ya juu yanabaki yamechomoza hewani, magumu.

Nyuzi 7 zinaonekana kidogo, ila maharage yanazihisi sana. Punje hulainika pale gundi inayoshikamanisha chembe zake inapoyeyuka, na kazi hiyo hupungua kasi mno joto likishuka. Kipimo changu cha jikoni: likishuka nyuzi 10, muda unakaribia kuwa mara mbili. Kwa hiyo maharage yaliyolowekwa yanayoiva kwa saa 1 pwani, kwa Njombe tarajia saa 1 na dakika 35 hivi. Yakiwa ya zamani, yaliyokaa ghalani kwenye joto na unyevu, hata saa 3 zinaweza kupita.

Tuchukue nusu kilo ya maharage mekundu. Yachambue, yaoshe, uyaloweke jioni katika lita 2 za maji yenye kijiko kimoja cha chakula cha chumvi. Wengi wanaogopa chumvi kwamba inakaza maharage. Kwenye maji ya kuloweka inafanya kinyume: inalainisha ganda. Asubuhi mwaga maji hayo yote, suuza, weka maji mapya yanayofunika punje kwa vidole vitatu. Yakichemka, yaache yatokote kwa nguvu nusu saa nzima. Hapa sibembelezi mtu: maharage mekundu yana sumu ya asili inayovunjwa na joto kali, na yakiliwa nusu mbichi huleta kutapika na kuharisha ndani ya saa chache. Kwa kuwa maji ya nyanda za juu ni ya joto la chini, usiipunguze nusu saa hiyo. Baada ya hapo punguza moto hadi mapovu yawe madogo, funika, endelea.

Maji yakipungua, ongeza ya moto. Kikombe cha maji baridi kinashusha joto la sufuria nzima, na kwa huku kila dakika chini ya nyuzi 93 ni hasara. Nyanya, ndimu na ukwaju visubiri mpaka punje zimelainika, maana uchachu huzuia ile gundi kuyeyuka. Magadi soda yanafanya kazi, lakini robo kijiko cha chai kwa nusu kilo inatosha. Ukizidisha, mchuzi unakuwa na utelezi na ladha ya sabuni, na vitamini B1 inapotea.

Usipime kwa kupuliza punje kwenye kijiko uone ganda likipasuka. Hiyo ni dalili ya mwanzo tu. Toa punje tano kutoka sehemu mbalimbali za sufuria, zikate katikati kwa kucha. Ukiona kiini cheupe kama chaki kwenye hata moja, bado.

Dawa ya kweli ya mwinuko ni presha kuka, kwa sababu mfuniko wake unarudisha ule mkandamizo uliopungua. Inayofanya kazi vizuri hupandisha maji ya Njombe hadi nyuzi 117 hivi. Pwani ingefika 120. Maharage yaliyolowekwa ambayo pwani yangechukua dakika 12, hapa yape 15, ukihesabu tangu mluzi uanze. Usijaze kupita nusu, kwani povu la maharage huziba tundu la mvuke. Na kama mvuke unapenya pembeni, mpira wa mfuniko umechoka. Mpaka uubadilishe, unapikia sufuria ya kawaida yenye mfuniko mzito.

Mayai hayana matata. Ute na kiini huganda chini ya nyuzi 85, kwa hiyo yataiva tu, ila joto linapenya polepole zaidi. Ongeza robo ya muda: la kiini kigumu la dakika 10 lipe 12 na nusu hadi 13. Kwenye kambi ya Kibo pale Kilimanjaro, mita 4,700 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi 84 na hesabu hiyo haitoshi tena. Huko maharage makavu bila presha usiyajaribu kabisa.

Keki ni habari nyingine, maana oveni haijui mwinuko. Ukiiweka nyuzi 180, ni 180. Tatizo liko ndani ya keki. Hewa ya Njombe inakandamiza pungufu kwa karibu moja ya tano, hivyo gesi ileile ya bekingi pauda inatanuka zaidi kwa kama robo. Wakati huohuo maji ya rojo yanageuka mvuke mapema, yanapoza katikati, na yanapopotea sukari inazidi kuwa nzito na kuchelewesha keki kukaza. Basi keki inaumuka haraka, inapita kiasi kabla kuta zake hazijashika, halafu inadidimia katikati. Ukiikata unakuta vitundu vikubwa juu na tabaka zito, bichi, chini.

Mapishi ya pwani ya unga gramu 250, sukari gramu 200, siagi gramu 125, mayai 3, maziwa mililita 180 na bekingi pauda vijiko 2 vya chai, ningeyarekebisha hivi: bekingi pauda kijiko 1 na nusu, sukari gramu 175, maziwa yaongezwe vijiko 3 vya chakula. Siagi na mayai viache. Oveni ipandishe hadi 190 au 195 ili kuta zishike kabla gesi haijaharibu. Ukiiacha 180, keki itakaa muda mrefu zaidi na kutoka kavu. Kwa 195 anza kuchoma kijiti dakika ya 28. Badilisha bekingi pauda kwanza, uone, ndipo uguse sukari.

Mkate wa hamira nao huumuka upesi kwa sababu hiyohiyo, ingawa baridi ya Njombe huurudisha nyuma, kwa hiyo angalia ukubwa wa donge na uache saa. Ukifika mara mbili, ponda uumuke tena. Na kama unapima kwa kipimajoto, usisubiri mkate ufike nyuzi 96 kama vitabu vingi vinavyosema. Maji yaliyomo ndani hayavuki 93, na ukiusubiri utatoa tofali. Toa ukifika 91 au 92, ganda likiwa la kahawia na sehemu ya chini ikitoa mlio mtupu unapoigonga.